Kugawanya Eneo Hakutoshi: Maoni Juu ya Ufundishaji wa Hesabu za Kuweka Vigae

Katika vitabu vingi vya hisabati vya shule za msingi limo swali la aina moja ambalo limezoeleka mno. Chumba kina urefu huu na upana huu. Kigae cha sakafu kina ubavu huu. Tafuta idadi ya vigae vitakavyotosha na gharama yake. Mwanafunzi hutafuta eneo la sakafu, hutafuta eneo la kigae kimoja, hugawanya la kwanza kwa la pili, huongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya vigae vitakavyovunjika, kisha huzidisha kwa bei. Jibu likilingana na la kitabu, mwalimu huweka alama ya tiki na somo huendelea. Sisi tunaona kwamba njia hii, jinsi inavyofundishwa sasa, huwapa wanafunzi jibu ambalo fundi hawezi kulitumia, na vilevile huwafundisha asilimia kwa namna isiyo sahihi.

Tulifikia maoni hayo tulipokuwa tukiwatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja mwanachuo alitoa swali la chumba chenye urefu wa mita 4.25 na upana wa mita 3.45, na vigae vya sentimita 40 kwa 40. Mwongozo wa kusahihisha ulisema vigae 92. Mwanafunzi mmoja, ambaye humsaidia babake katika kazi za ujenzi wakati wa likizo, alichora mistari ya vigae pembezoni mwa daftari, akahesabu, akaandika 99. Alikoseshwa. Mwanachuo alitaka kumpa alama, lakini mwalimu wa darasa alishikilia kwamba mwongozo ndio mwongozo. Mjadala uliotokea baadaye katika chumba cha walimu ulituonyesha kwamba wengi wetu hatujapata kujiuliza tofauti ya vigae 7 ilitoka wapi.

Na tuifuate hesabu ya mtoto huyu. Vigae havibananishwi, huachwa mwanya mwembamba kati ya kigae na kigae, nao hujazwa saruji laini ambayo mafundi huiita grauti. Tuseme mwanya huo ni milimita 3. Basi kila kigae kimoja, pamoja na mwanya wake, huchukua sentimita 40.3 za sakafu. Tena fundi hodari hagusishi vigae na ukuta. Huacha kama milimita 5 kila upande, kwa kuwa sakafu hutanuka na kusinyaa, na nafasi hiyo hufunikwa na ukanda wa vigae unaopanda ukutani, yaani sketingi. Kwa hiyo urefu wa kazi ni mita 4.24, na upana ni mita 3.44.

Katika urefu huo vigae vizima 10 huchukua mita 4.03, na husalia sentimita 21. Katika upana, vigae vizima 8 huchukua mita 3.224, na husalia sentimita 21.6. Hapa ndipo penye siri yote ya swali. Nafasi iliyosalia ni pana kuliko nusu ya kigae. Ukikata kigae ili kupata kipande cha sentimita 21, kipande kinachobaki mkononi kina upana wa sentimita 19 tu, na hakiwezi kuziba nafasi nyingine ya sentimita 21. Kwa hiyo kila nafasi ya pembeni hula kigae chake kizima. Tunapata mistari 9 yenye vigae 11 kila mmoja, jumla 99. Mtoto alikuwa sahihi.

Sasa tupunguze upana wa chumba kwa sentimita 5 tu, uwe mita 3.40. Kwa njia ya kugawanya eneo, idadi hushuka kutoka 92 hadi 91, na hakuna mwanafunzi atakayeshangaa. Lakini kwa njia ya kuhesabu mistari mambo hubadilika kabisa. Nafasi iliyosalia upande wa upana sasa ni sentimita 16.6. Vipande 8 vilivyobaki tulipokata vigae vya upande wa urefu, kila kimoja chenye sentimita 19 kwa 40, sasa vinaweza kugeuzwa, kupunguzwa kidogo, na kutumika upande huu. Zinahitajika nafasi 10 na kona moja, yaani vipande 11. Vinane vinatoka katika masalio, na vitatu vinatoka katika vigae viwili vipya. Ukijumlisha vigae vizima 80, vile 8 vya upande wa urefu na hivi 2, unapata 90. Sentimita 5 za ukuta zimeleta tofauti ya vigae 9, ilhali eneo linatuambia tofauti ni kigae kimoja.

Tuongeze neno moja hapa, kwa sababu vigae vya siku hizi aghalabu vina michoro. Kama kigae kina mistari kama ya mbao, masalio hayawezi kugeuzwa, kwani mistari itaelekea upande usiofaa. Hapo vipande vya sentimita 16.6 vitakatwa viwili viwili kutoka katika vigae vipya, kona nayo itahitaji kigae chake, na idadi itapanda kutoka 90 hadi 94. Eneo halina habari ya michoro.

Kwa nini basi kugawanya eneo hushindwa? Kwa maoni yetu ni kwa sababu tendo la kugawanya hudhani, bila kusema, kwamba vipande vyote vilivyokatwa vinaweza kuungwa vikawa kigae kipya. Ingekuwa tunagawa maji kwa vikombe, dhana hiyo ingekuwa kweli. Kigae hakiungiki. Mwalimu anayetaka wanafunzi walione jambo hili kwa macho hahitaji zana za gharama. Achore chumba kile cha kwanza kwa kipimo cha 1 kwa 10 juu ya karatasi kubwa, yaani sentimita 42.5 kwa 34.5, kisha awape kila kikundi kadi 92 za sentimita 4 kwa 4 na mkasi. Masharti yawe mawili: kila nafasi izibwe na kipande kimoja tu, na kadi zipangwe zikigusana. Mianya tunaiacha kwa makusudi, maana kwa kipimo hicho haionekani.

Wanafunzi watapanga kadi 80 nzima kwa haraka na kwa furaha. Kadi 12 zilizosalia wataanza kuzikata kwa ajili ya nafasi 19 za pembeni, nazo zitakwisha huku nafasi 7, pamoja na kona, zikiwa wazi. Mezani patakuwa na vipande 12 vya upana wa sentimita 1.5. Hapo mwalimu awaambie watafute eneo la vipande hivyo: ni sentimita za mraba 72. Kisha watafute eneo la nafasi zilizo wazi: ni sentimita za mraba 66.25. Masalio yanazidi nafasi, lakini hakuna hata moja linaloenea, kwa sababu nafasi inataka upana wa sentimita 2.5. Tumeona darasa zima likinyamaza mbele ya hesabu hiyo, na kisha kuanza kubishana. Ubishi wa namna hiyo unatupendeza kuliko kurasa tatu za mazoezi yaliyosahihishwa.

Tunajua watakaosema kwamba sehemu ya kumi inayoongezwa mwishoni huyafunika makosa haya yote. Ukichukua 92 na kuongeza asilimia 10 unapata 102, na 102 ni zaidi ya 99. Pingamizi hili lina uzito na hatutaki kulipuuza, ila tunalijibu kwa njia mbili.

Kwanza, sehemu hiyo ya kumi huitwa posho ya kuvunjika, lakini katika mfano wetu vigae 7 kati ya 10 vilivyoongezwa vimeliwa na ukataji. Vimebaki 3 tu vya kuvunjika. Mwanafunzi anadhani ana akiba ya asilimia 10, kumbe ana asilimia 3. Hasara ya kukata na hasara ya kuvunjika ni vitu viwili. Ya kukata inajulikana kabla ya kazi kuanza, ukiwa na futi na karatasi, hiyo huhesabiwa. Ya kuvunjika haijulikani: kigae hiki kimepasuka garini, kile kina ufa usioonekana na kimeachana chini ya mashine ya kukatia, kingine kimekatika kona. Hiyo ndiyo inayokadiriwa kwa asilimia, na kwa vigae vya kawaida vya ukubwa huu asilimia 5 si haba. Kuweka vyote viwili chini ya asilimia moja ni kumfundisha mtoto kukisia jambo ambalo angeweza kulihesabu.

Pili, bahati hiyo haidumu. Tuseme mwenye nyumba huyo huyo anapendelea vigae vikubwa vya sentimita 60 kwa 60. Kwa kugawanya eneo tunapata vigae 41, na pamoja na asilimia 10 tunapata 46. Lakini ukipanga vigae 7 katika urefu, husalia ukanda wa sentimita 1.9. Ukanda mwembamba namna hiyo haukatiki vizuri. Huvunjikavunjika, na hata ukikatika hauupendezi macho. Kama sketingi na gundi yake ni nene ya kutosha, fundi anaweza kugawa nafasi hiyo pande mbili na kuificha. Ikiwa haitoshi, hana budi kuondoa kigae kimoja kizima na kuweka vipande viwili vya takriban sentimita 31, kimoja kila mwisho. Kila kipande kimezidi nusu ya kigae kwa sentimita moja, kwa hiyo kila kimoja kinataka kigae chake. Urefu sasa una vigae 8, upana una 6, jumla 48. Hata kabla ya kigae kimoja kuvunjika, 46 vya kitabu havitoshi.

Kupungukiwa si jambo dogo la kurudi dukani tu. Vigae hutengenezwa kwa matoleo, na toleo moja linaweza kutofautiana kidogo na jingine kwa rangi na hata kwa vipimo. Alama za toleo huchapwa ubavuni mwa katoni, na fundi mwangalifu huzisoma kabla ya kupokea mzigo. Anayerudi baada ya wiki mbili kutafuta vigae vitano anaweza kuvipata vya jina lile lile na rangi iliyokoza zaidi, na mstari huo utaonekana sakafuni kwa miaka yote ya nyumba.

Baada ya sakafu inakuja sketingi, ambayo maswali ya vitabuni huisahau karibu daima. Mzingo wa chumba cha kwanza ni mita 15.4, ukitoa mlango wa sentimita 90 husalia mita 14.5. Kwa vipande vya sentimita 40 vinavyofuatana, kile kinachokatwa kikiendelea katika ukuta unaofuata, tunahitaji vipande 36. Kipande cha sketingi kinapaswa kuwa na ukingo wa kiwandani upande wa juu, kwa kuwa ndio unaoonekana. Ukingo uliokatwa huelekea chini. Kigae kizima kina kingo mbili za namna hiyo zinazoelekeana, kwa hiyo hutoa vipande viwili vizuri vya kimo cha kama sentimita 10.

Na hapa yale masalio tuliyoyadharau yanarudi. Chumba chetu cha kwanza kilituachia vipande 18 vya upana wa sentimita 18 hadi 19, na kila kimoja kina ukingo mmoja wa kiwandani. Vinatupa sketingi 18. Zilizosalia 18 zitatoka katika vigae 9 vipya. Jumla ya vigae ni 99 na 9, yaani 108. Katika chumba cha pili, ambacho kilikula masalio yake yote sakafuni na kubakiza kipande kimoja tu cha kufaa, sketingi 35 kati ya 36 zitahitaji vigae vipya 18. Ukijumlisha na 90 unapata 108 pia. Vyumba viwili vilivyotofautiana kwa vigae 9 sakafuni vimekutana ukutani. Hatukulitazamia jambo hili tulipoanza kuhesabu, na tunalipendekeza liachwe walione wanafunzi wenyewe.

Sasa twende dukani. Kwa vigae 108, asilimia 5 ni 5.4. Hapo tunapandisha kuwa 6, na jumla ni 114. Duka haliuzi kigae kimoja kimoja; tuseme katoni ina vigae 10. Tunagawanya, tunapata 11.4, tunapandisha kuwa katoni 12. Anayehesabu kwa kitabu, bila sketingi, atapata vigae 102 na kununua katoni 11. Tungependa walimu wasisitize kwamba kupandisha namba katika hesabu hizi ni tofauti na kukadiria kwa nukta tano, ambako 11.4 ingekuwa 11. Katoni ya kumi na mbili inanunuliwa hata kama kinachohitajika ndani yake ni vigae vinne. Sita vitakavyobaki na viwekwe stoo, maana bomba likipasuka chini ya sakafu baada ya miaka mitano, toleo hilo halitakuwepo tena madukani.

Gundi ya vigae tungependa kuikawilia kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo vitabu huipita kwa sentensi moja, ilhali makosa yake ni ya bei kubwa kuliko ya vigae. Gundi hii ni unga wa saruji, mchanga laini na viungio vingine, huchanganywa na maji na kutandazwa kwa mwiko wa meno. Meno ndiyo yanayopima unene. Kwa mwiko wenye meno ya milimita 10, juu ya sakafu iliyo sawa, tunaweza kuchukua kilo 5 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ni mita za mraba 14.66, sketingi yenye kimo cha sentimita 10 ni 1.45, jumla 16.11. Zinahitajika kilo 80.6, yaani mifuko 5 ya kilo 20. Minne ingepungua kwa nusu kilo tu, na wanafunzi watauliza kama kweli ni lazima kununua wa tano. Waachwe wajibu wenyewe, baada ya kukumbushwa kwamba gundi nyingine hubaki katika ndoo na katika mwiko.

Lakini hesabu hiyo ni ya sakafu iliyo sawa. Kila milimita moja ya unene inayoongezeka hula takriban kilo moja na nusu kwa mita ya mraba. Tuseme sakafu ya saruji ilipigwa ovyo, na ili vigae vikae sawa fundi analazimika kuongeza unene wa milimita 4 kwa wastani. Kwa mita za mraba 14.66, hizo ni kilo 88 za ziada. Gundi imezidi maradufu: kutoka mifuko 5 hadi 9. Kumbe kinachonunuliwa ni ujazo, si eneo. Mwanafunzi akilielewa hilo atajua kwa nini fundi, kabla ya kutaja bei yoyote, hulaza rula ndefu ya alumini sakafuni na kuchungulia mwanga chini yake. Mahali pengine ni nafuu kusawazisha kwanza kwa mchanga na saruji, kisha kuweka gundi nyembamba juu yake.

Anayetaka kupunguza gundi hufanya hila moja inayojulikana: huweka mafungu matano nyuma ya kigae, manne pembeni na moja katikati, na kukibandika hivyo hivyo. Sakafu hupendeza siku ya kwanza. Ukigonga kigae kwa mpini wa mwiko utasikia sauti ya uvungu, na siku mguu wa kabati utakapokaa juu ya uvungu huo, kigae kitapasuka. Njia ya kuhakikisha ni kumwomba fundi ainue kigae kimoja kibichi kati ya vile vya mwanzo: mgongo wake unapaswa kuwa umeloa gundi karibu wote. Grauti haina matata mengi. Kwa vigae vya ukubwa na mwanya huu, kilo 3 zinatosha chumba kizima.

Kuhusu ujira, mafundi wengi hupatana kwa mita ya mraba ya sakafu, na sketingi kwa mita ya urefu. Yafaa wanafunzi wajue kwamba vizio hivi viwili havichanganywi, na kwamba bei ya mita moja ya mraba haiwi sawa kila mahali. Kigae kizima hukaa chini kwa dakika chache. Kinachomaliza siku ni kukata. Katika chumba chetu nafasi 80 ni za vigae vizima na 19 ni za vipande. Katika choo cha mita 1.2 kwa 1.5, chenye tundu la maji katikati na bomba pembeni, nafasi za vipande zinaweza kuzidi za vigae vizima, na fundi anayetaka zaidi kwa kila mita ya mraba ya choo hamwibii mtu.

Tukitia bei za kufanyia mfano tu, ambazo kila darasa litazibadilisha kwa kuuliza katika duka la jirani, gharama ya chumba cha kwanza inakuwa hivi. Katoni 12 kwa shilingi 28,000 ni 336,000. Mifuko 5 ya gundi kwa 16,000 ni 80,000, na mfuko wa grauti ni 10,000. Ujira wa sakafu, ikiwa wamekubaliana kuihesabu kuwa mita za mraba 15 kwa 6,000, ni 90,000. Wa sketingi, mita 14.5 kwa 1,500, ni 21,750. Usafiri 15,000. Jumla ni shilingi 552,750. Ukigawa kwa eneo la sakafu unapata takriban 37,700 kwa mita ya mraba, ilhali bei iliyobandikwa juu ya katoni ile, yenye mita ya mraba 1.6, ni sawa na 17,500. Familia nyingi huanza kuweka akiba kwa kutazama hiyo 17,500. Na kama sakafu ni ile mbovu, mifuko 4 ya ziada ni shilingi 64,000, ambazo zinazidi bei ya katoni mbili za vigae.

Walimu wenzetu wametuuliza kama tunataka njia ya kugawanya eneo ifutwe. La. Katika chumba cha mita 4 kwa 3, kwa kadi za nusu mita zisizo na mianya, kugawanya kunatoa jibu kamili, na ni njia njema ya kuanzia. Inafaa pia kama kipimo cha chini: idadi iliyohesabiwa ikiwa ndogo mno kuliko ile ya eneo, mtu atafute amekosea wapi. Tunachotaka ni mambo mawili. Mtunga swali aseme wazi kama vipimo vimechaguliwa ili vigae vienee bila kukatwa. Na kama havikuchaguliwa hivyo, mwongozo wa kusahihisha umpe alama zote mwanafunzi aliyehesabu mistari na kuonyesha kazi yake, hata kama jibu lake halifanani na la kugawanya. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mazito kwa mtoto wa darasa la sita. Jibu letu ni kwamba mgawanyo wenye baki amekwisha kufundishwa tangu madarasa ya chini, na hapa baki ndilo jambo lenyewe: amezoea kulitupa, sasa analipima kama limezidi nusu ya kigae au halikuzidi.

Kabla ya yote hayo, wanafunzi wapime darasa lao wenyewe, na wapime kila upande mahali patatu. Watakuta kwamba upana wa mbele na wa nyuma ni nadra kulingana. Chumba cha mita 4.25 kwa 3.45 kilicho na kona za mraba kamili kina ulalo wa mita 5.47 kutoka kona hadi kona, na ulalo wa pili ni sawa na huo. Wakijua kanuni ya Pithagorasi wataihakikisha, na kama hawaijui watalinganisha kamba mbili tu. Zikitofautiana, chumba kimekaa mshazari, na ukanda wa mwisho utakuwa na sentimita 21 upande mmoja na pengine 25 upande wa pili. Kipimo kinachoingia katika hesabu ni kile kikubwa.